Kusajili mtoto aliyezaliwa mfu au aliyefariki mchanga ukiwa Uingereza

Mwongozo huu ni wa wazazi Waswahili wanaoishi Uingereza na Welisi, pamoja na jamaa wanaowashika mkono. Mara nyingi ni shangazi au shemeji anayepiga simu ofisini wakati mama bado yuko wodini, na yeye ndiye anayehitaji kujua njia. Uskoti na Ayalandi ya Kaskazini zina sheria zake na muda wake, kwa hiyo yaliyomo humu msiyapeleke huko.

Anayefiwa na mzazi au mume husajili jambo moja, kifo. Anayejifungua salama naye husajili jambo moja, uzazi. Aliyefiwa na mtoto mchanga anaweza kusajili moja, au mawili, au asisajili chochote. Nimekuwa mkalimani hospitalini kwa muda wa kutosha kuona kwamba hapa ndipo familia hupotea: wanakwenda kutafuta cheti cha kifo ambacho hakipo, au wanaomba kimoja kumbe wanastahili viwili. Basi kabla ya kushika simu, mjue kwanza mko upande gani.

Maswali mawili yanayoamua yote

Swali la kwanza: baada ya kutoka kabisa mwilini mwa mama, mtoto alionyesha dalili yoyote ya uhai? Kama ndiyo, kisheria alizaliwa hai. Haijalishi mimba ilikuwa na wiki ngapi, wala haijalishi aliishi dakika kumi au siku kumi. Uzazi wake unasajiliwa, na kifo chake kinasajiliwa. Vyeti viwili.

Swali la pili linakuja tu kama jibu la kwanza ni hapana: mimba ilikuwa imetimiza wiki 24? Kama ilikuwa imetimiza, mtoto anahesabiwa kuwa amezaliwa mfu, naye ana usajili wake wa peke yake, ambao si wa uzazi wa kawaida wala si wa kifo. Kama haikutimiza wiki 24, hakuna usajili wowote wa kisheria.

Mstari huo wa wiki 24 ulianza kutumika tarehe 1 Oktoba 1992. Kabla ya hapo ulikuwa wiki 28, na ndiyo hesabu inayotajwa mpaka leo katika sheria ya usajili ya Kenya, kwa hiyo msishangae bibi akisema kwa simu kutoka Mombasa kwamba mimba ya wiki 25 haisajiliwi. Huku inasajiliwa. Na kwa Waislamu, hesabu ya siku 120 mnayoambiwa na shehe ni ya mambo ya dini, yaani jina, kuoshwa, sala. Msajili hana habari nayo, na moja haifuti nyingine. Mtoto wa wiki 20 anaweza kupewa jina na kuzikwa kwa heshima zote bila kuingia katika daftari la serikali.

Wiki zenyewe huhesabiwa kwa tarehe iliyotolewa na picha ya altrasaundi ya mwanzo wa mimba, si kwa kumbukumbu ya hedhi ya mwisho. Tofauti ya siku mbili inaweza kumvusha mtoto upande wa pili wa mstari. Kama mna shaka, mwambieni mkunga awaonyeshe tarehe hiyo kwenye kumbukumbu za mimba. Ni haki yenu kuiona, na ni jambo la dakika moja.

Kuna hali nyingine inayowachanganya watu, hasa kwa mapacha. Pacha mmoja anaweza kufa tumboni katika wiki ya 18, akaonekana hivyo kwenye picha, halafu mimba ikaendelea kwa ajili ya mwenzake mpaka wiki ya 36. Wote wawili wanatoka siku moja, lakini yule ambaye ushahidi unaonyesha alikufa kabla ya wiki 24 hasajiliwi, ingawa ametoka baada yake.

Dalili ya uhai ni nini hasa

Hili linataka utulivu, kwa sababu mtoto wa wiki 21 au 22 anaweza kutoka na mwili ukashtuka kidogo, na mama aliyemshika akaapa kwamba alikuwa hai. Katika mimba zilizo chini ya wiki 24, madaktari hutazama dalili zinazoonekana kwa macho na zinazoendelea: kulia, kupumua au kutweta mfululizo, moyo unaoonekana ukipiga kifuani, kitovu kinachodunda baada ya kubanwa, mikono na miguu inayojongea waziwazi. Kuvuta pumzi mara moja au msuli kucheza katika dakika ile ya kwanza tu, hayo hayahesabiwi kuwa dalili ya uhai.

Uamuzi ni wa daktari au mkunga aliyekuwapo. Lakini mkiona kitu wao hawakukiona, kisemeni pale pale, kabla karatasi haijaandikwa, maana baada ya hapo kubadilisha ni kazi. Swali la kuuliza ni fupi: «Mtoto wetu mmemwandika alizaliwa hai au mfu?» Jibu hilo ndilo litakaloamua mtapata karatasi gani, mna siku ngapi, na hata kama mchunguzi wa vifo, yule anayeitwa «coroner», anaweza kuingilia.

Hatua ya kwanza: karatasi ya hospitali

Kwa mtoto aliyezaliwa mfu, daktari au mkunga aliyekuwapo, au aliyemchunguza mtoto baadaye, anaandika cheti cha kitabibu cha kuzaliwa mfu. Angalieni kwamba mkunga anaruhusiwa kukiandika. Kwa kifo cha mtu aliyeishi, mkunga haruhusiwi. Cheti kinataja wiki za mimba, uzito, kama mtoto alikufa kabla ya uchungu kuanza au wakati wa uchungu, na sababu. Ikiwa mama alijifungulia nyumbani na hakukuwa na mtaalamu wa kuandika, kuna tamko maalumu linalofanywa mbele ya msajili, ila kwa waliojifungulia hospitali hilo haliwahusu.

Kwa mtoto aliyezaliwa hai kisha akafariki ndani ya siku 28, daktari anaandika cheti cha sababu ya kifo cha mtoto mchanga, chenye fomu yake tofauti na ya watu wazima. Tangu tarehe 9 Septemba 2024 cheti hicho hampewi mkononi. Kinapitia kwanza kwa daktari mkaguzi wa vifo, ambaye hakumtibu mtoto. Anasoma mafaili, anazungumza na familia kama ina maswali, kisha cheti kinatumwa kwa msajili moja kwa moja. Watoto waliozaliwa mfu hawapiti kwake.

Jitayarisheni kwa jambo moja ambalo huwachoma akina mama. Vyeti hivi vyote viwili vina mistari ya mtoto na mistari ya mama. Kama mama alikuwa na presha ya mimba au kisukari, ugonjwa wake unaweza kuandikwa kuwa sehemu ya sababu, na maneno hayo yanaingia daftarini. Nimekaa na mama aliyesoma jina la ugonjwa wake chini ya jina la mwanawe akadhani anashtakiwa. Si shtaka. Fomu imetengenezwa hivyo kwa kila mtoto wa umri huo, kwa sababu mwili wa mama na wa mtoto ulikuwa mmoja mpaka juzi. Lakini ni bora kuyasikia maneno hayo kwa daktari, mkiwa mmeketi faragha, kuliko kuyasikia kwa mara ya kwanza mbele ya karani.

Uchunguzi wa maiti kwa mtoto aliyezaliwa mfu ni hiari ya wazazi, na hauzuii usajili. Cheti kinaweza kuandikwa kwamba sababu haijajulikana. Majibu yakija, taarifa inaweza kuongezwa.

Hatua ya pili: siku mlizonazo

Kuzaliwa mfu kunasajiliwa ndani ya siku 42, sawa na uzazi wa kawaida. Lakini kuna tofauti inayouma. Uzazi wa mtoto aliye hai ukichelewa mwaka, bado kuna njia ya kuomba usajiliwe. Kwa aliyezaliwa mfu, miezi mitatu ikipita mlango unafungwa. Mama anayekwenda kupumzika nyumbani Tanga kwa miezi minne kabla ya kusajili, akidhani daftari litamsubiri, anarudi na kukuta hawezi tena.

Kwa mtoto aliyeishi, saa ni mbili zinazokimbia kwa mwendo tofauti: siku 42 kwa uzazi, siku tano kwa kifo. Siku hizo tano zinaanza kuhesabiwa siku msajili anapopata cheti kutoka kwa daktari mkaguzi, na Jumamosi na Jumapili zimo ndani. Kwa kweli yote mawili hufanywa pamoja katika miadi moja, kwa hiyo inayowabana ni ile ya siku tano. Kama siku mbili tatu zimepita na ofisi ya usajili haijawapigia, msikae. Pigieni kitengo cha wafiwa hospitalini muulize cheti kimekwama wapi. Mara nyingi kimelala kwa daktari aliyemaliza zamu yake.

Miadi yenyewe iombeni kwa simu, na semeni tangu mwanzo ni ya nini. Wanaojisajili wenyewe kwenye mtandao kwa miadi ya «uzazi» hujikuta wamekaa chumba cha kusubiri pamoja na watoto wachanga wa watu. Ukisema mapema, ofisi nyingi zitawapa saa ya utulivu au kuwapitisha mlango mwingine, na baadhi zina msajili anayekuja hospitalini. Ofisi ni ya wilaya ilipo hospitali, si ya mnakoishi. Kama mmesharudi mbali, mnaweza kutoa maelezo katika ofisi ya karibu nayo ikayatuma, ila karatasi za mazishi zitachelewa.

Hatua ya tatu: nani aende

Wazazi waliooana, mmoja wao anatosha. Wasiooana wanatakiwa kwenda wote wawili ili jina la baba liingie, au baba asiyeweza kufika atoe tamko rasmi la kukubali mtoto, lililosainiwa mbele ya mtu aliyeidhinishwa, mama aende nalo. Mama akienda peke yake bila tamko, nafasi ya baba inabaki tupu.

Hapa ndoa zetu zinaleta kizungumkuti. Nikaha iliyofungwa Zanzibar au Lamu kwa mujibu wa sheria ya huko inatambuliwa. Nikaha iliyofungwa sebuleni Leicester na shehe, bila kusajiliwa serikalini, haitambuliwi, hata kama mtaa mzima ulikula pilau. Mbele ya msajili nyinyi ni wasiooana, na mume akibaki nyumbani kupokea wageni wa matanga, jina lake halitaandikwa. Mara zote nawaambia watu wa hali hiyo: nendeni wote wawili, msibishane na karani juu ya dini.

Na bibi je, anaweza kwenda badala yao? Inategemea. Kifo kinaweza kusajiliwa na jamaa yeyote wa marehemu, kwa hiyo bibi anaruhusiwa. Uzazi, pamoja na kuzaliwa mfu, unawataka wazazi kwanza. Wasipoweza, mtu aliyekuwapo chumbani wakati wa kujifungua, au mwakilishi wa hospitali. Bibi aliyekuwa amemshika mama mkono anaingia. Bibi aliyefika na ndege siku ya pili haingii.

Hatua ya nne: mezani kwa msajili

Msajili anauliza tarehe na mahali, jinsia, majina ya wazazi, walikozaliwa, kazi zao, jina la mama kabla ya ndoa, na anwani. Hakuna mtihani. Bebeni pasipoti na cheti cha ndoa kama mnacho. Vinasaidia tahajia zaidi kuliko kitu kingine.

Tahajia ndiyo inayotuponza. Sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu, na karani anataka jina la ukoo moja. Amueni kabla ya kwenda, na amueni kwa kutazama pasipoti za wenzake mtoto, ndugu zake. Jina la ukoo si lazima liwe la baba. Msajili akimaliza kuandika, anawageuzia skrini au anawapa karatasi msome. Someni herufi moja moja, kwa sauti ikibidi: Mwanaisha si Mwana Aisha, Athman si Othman. Kosa likionekana kabla ya kusaini linafutwa hapo hapo. Baada ya kusaini, kulirekebisha kunataka maombi, ushahidi na wakati mwingine ada, na maneno ya mwanzo hayafutwi, huongezewa maelezo pembeni.

Aliyezaliwa mfu anaweza kupewa jina na likaandikwa, ila si lazima. Katika daftari lake hakuna cheti cha uzazi na hakuna cheti cha kifo. Kuna ingizo moja linalobeba kuzaliwa na sababu ya kufa kwa pamoja. Mnaondoka na cheti kifupi cha usajili bila malipo, na nakala kamili kwa ada. Daftari hilo halifunguliwi kwa kila mtu. Vyeti vya uzazi na vifo vya kawaida huku, jirani yako anaweza kulipia nakala. Cha aliyezaliwa mfu kinatolewa kwa wazazi waliotajwa, na wakiwa wamefariki wote, kwa ndugu wa mtoto. Wanaotaka siri wanashukuru. Wanaotaka nakala baadaye waagize wao wenyewe.

Kwa mtoto aliyeishi, msajili anafanya kazi mara mbili, kwanza uzazi, halafu kifo, na maswali mengine yatarudiwa. Msione anawatesa. Katika nafasi ya kuandika kazi ya marehemu, kwa mtoto, huandikwa yeye ni mwana wa nani na mzazi anafanya kazi gani.

Karatasi ya mazishi

Hakuna makaburi yatakayompokea mtoto aliyezaliwa mfu baada ya wiki 24, wala mtoto aliyeishi, bila karatasi kutoka kwa msajili au amri ya mchunguzi wa vifo. Kwa kifo cha aliyeishi ni ile inayojulikana kwa wasimamizi wa mazishi kama karatasi ya kijani. Kwa aliyezaliwa mfu ni cheti kingine chenye kazi hiyo hiyo. Nakala ya cheti cha kifo haitoshi, wala cheti cha hospitali hakitoshi, na watu wamewahi kusimama langoni mwa makaburi na jeneza kwa sababu ya kubeba karatasi isiyo yake.

Kwa wanaotaka kuzika siku hiyo hiyo, kuna njia: msajili akishapata cheti cha kitabibu anaweza kutoa ruhusa ya kuzika kabla ya usajili kukamilika. Ni ya kuzika tu, si ya kuchoma. Halmashauri nyingi zenye Waislamu wengi zina simu ya dharura ya mwisho wa wiki kwa ajili hiyo. Kamati ya msikiti huwa nayo.

Gharama za mazishi, kwa Uingereza, zina mfuko wa serikali ulioanza Julai 2019 kwa watoto walio chini ya miaka 18 na waliozaliwa mfu baada ya wiki 24. Hautazami kipato. Ada ya kaburi inadaiwa na makaburi yenyewe kwa serikali, kwa hiyo mkiletewa bili ya kaburi ulizeni kwanza kabla ya kulipa.

Mfano mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho

Tuchukue mama wa Kipemba anayeishi Reading, mimba ya mapacha, wiki 25 na siku mbili. Uchungu unaanza Jumanne usiku. Msichana anatoka kwanza, bila dalili ya uhai. Mvulana anatoka dakika kumi na mbili baadaye, analia, anapelekwa chumba cha watoto njiti, anafariki Jumatano saa nne asubuhi. Wazazi wana nikaha ya Zanzibar na cheti chake.

Msichana: wiki zimevuka 24, hakuonyesha uhai, basi amezaliwa mfu. Mkunga anaandika cheti chake Jumatano hiyo hiyo na kumpa baba. Kinachofuata ni msajili tu.

Mvulana: alizaliwa hai. Daktari wa watoto anaandika sababu ya kifo, cheti kinakwenda kwa daktari mkaguzi, ambaye anampigia baba Alhamisi asubuhi kumweleza yaliyoandikwa na kumuuliza kama ana wasiwasi wowote kuhusu matibabu. Mchana cheti kinafika kwa msajili. Siku tano zimeanza.

Familia inataka kuwazika pamoja Ijumaa baada ya sala. Baba anaweza kwenda peke yake kwa sababu ndoa inatambuliwa. Anapiga simu Alhamisi mchana, anasema «mapacha, mmoja amezaliwa mfu na mmoja amefariki», naye anapewa miadi Ijumaa saa tatu. Mezani yanafanyika matatu: usajili wa msichana katika daftari la waliozaliwa mfu, usajili wa uzazi wa mvulana, usajili wa kifo cha mvulana. Anatoka na karatasi mbili za mazishi, moja ya kila mtoto, hata kama kaburi ni moja. Hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa. Mtu akiona watoto wawili wanakwenda shimo moja, anadhani karatasi moja inatosha. Msimamizi wa makaburi hatakubali.

Mfano huo huo ukiusogeza wiki mbili nyuma, mambo yanageuka. Katika wiki 23 na siku mbili, msichana hasajiliwi kabisa, na kaka yake aliyeishi saa chache bado anasajiliwa uzazi na kifo. Mama yule yule, usiku ule ule, mtoto mmoja ana vyeti viwili na mwenzake hana hata kimoja. Sheria inaruhusu hilo, na sijapata maneno ya kulifanya lieleweke kwa mama.

Aliye chini ya wiki 24

Hospitali itatoa barua au fomu ya daktari inayosema mimba ilitoka kabla ya wiki 24 bila dalili za uhai. Hiyo ndiyo makaburi yanayohitaji. Kwa msajili hampiti. Iombeni kabla ya kuondoka, na semeni mapema kama mnataka kumzika wenyewe, kwa sababu hospitali ina utaratibu wake wa kuzika au kuchoma kwa pamoja na inawataka muchague.

Kwa Uingereza kuna pia cheti cha hiari kilichoanzishwa tarehe 22 Februari 2024. Kinaombwa bure kwenye GOV.UK, tafuteni `baby loss certificate`. Tangu Oktoba 2024 hata mimba iliyotoka miaka mingi iliyopita inakubaliwa. Si hati ya kisheria: hakiwezi kutumika kuzika, kudai malipo wala kumthibitishia mwajiri kitu. Kuna wanaokiweka kwenye fremu na kuna wasiokitaka kabisa.

Mchunguzi wa vifo akiingia

Mchunguzi wa vifo hana mamlaka juu ya aliyezaliwa mfu. Anaweza kuingia kama kuna shaka iwapo mtoto alizaliwa hai, na kwa mtoto aliyeishi kama sababu ya kifo haijulikani au si ya kawaida. Akifungua uchunguzi kamili, kifo hakisajiliwi mpaka amalize, na hilo linaweza kuchukua miezi. Msikae mkisubiri. Ombeni kwake cheti cha muda kinachothibitisha kifo, na amri ya kuzika anapomaliza na mwili. Uzazi wa mtoto mnaweza kuusajili wakati huo huo, na siku 42 zake zinaendelea kukimbia.

Familia inayotaka kumsafirisha mtoto aliyeishi kwenda kuzikwa nyumbani inampa taarifa mchunguzi wa vifo hata kama kifo ni cha kawaida kabisa, na kwa kawaida inasubiri siku nne. Msikate tiketi kabla.

Baada ya ofisi

Aliyezaliwa mfu baada ya wiki 24, na aliyezaliwa hai katika wiki yoyote, mama yake anabaki na haki ya likizo ya uzazi ile ile ya wiki 52 na malipo yake kama alikuwa anastahili. Juu ya hiyo kuna wiki mbili za likizo ya kufiwa na mtoto kwa kila mzazi aliyeajiriwa, haki iliyoanza tarehe 6 Aprili 2020. Nimeona wenzetu wakirudi kazini kusafisha ofisi baada ya siku kumi kwa sababu msimamizi amewaambia «si hakuna mtoto tena». Cheti cha usajili ndicho cha kumwonyesha mtu huyo.

Posho ya mtoto inalipwa kwa aliyezaliwa hai tu, mpaka wiki nane baada ya kifo, na inaombwa ndani ya miezi mitatu hata kama aliishi siku moja. Kwa aliyezaliwa mfu haipo. Nakala za vyeti agizeni siku ile ile mezani, mbili za kila kimoja: moja itakwenda kwa posta na haitarudi.